Kufukuzana na bodaboda Busia ni kupambana na magendo, au tunazugwa?

Mkaazi wa Busia: Kila wiki naona bodaboda kakamatwa na magunia mawili ya sukari. Wenye makontena mbona hatuwaoni? Hawa wadogo ndio tatizo kweli?

Kanyagia: Sukari yote hupitia njia za panya. Zizibeni muone.

Wakala Mstaafu: Yote? Hapana, ndugu. Nimekuwa wakala wa forodha Mombasa miaka 18. Mzigo mkubwa hupita barabara kuu, mchana kweupe, karatasi zikiwa safi. Kontena linaandikwa ni la transiti, tuseme kwenda Sudan Kusini, kwa hiyo halilipiwi ushuru, linawekewa bondi tu, yaani dhamana ya kulipa ushuru huo mzigo usipovuka mpaka. Sasa sukari ya kutoka nje ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa kawaida ushuru wake ni asilimia 100. Chukua tani 25 kwa dola 600 kila moja: mzigo wa dola 15,000, na ushuru dola 15,000 nyingine. Kontena likishushwa njiani, hizo ndizo watu wanagawana.

Kanyagia: Na zile kufuli za kielektroniki je? Lori si linaonekana kwenye ramani?

Wakala Mstaafu: Kinachoonekana ni kufuli. Wapo wanaoiacha ilivyo, wakafungua bolti za bawaba za mlango. Ukitaka kuwashuku, angalia lori lililolala masaa matatu mahali pasipo hata kibanda cha chai, au uzito wa mizani ya mwanzo usipolingana na wa mwisho.

Hesabu Tu: Basi serikali haipotezi kitu. Si itadai bondi?

Wakala Mstaafu: Itadai ikiwa mzigo haukuthibitishwa kuvuka. Mtu wa mpakani akiingiza kwenye mfumo kwamba umetoka, bondi inafutwa, na hakuna wa kudaiwa. Ndiyo maana dereva hawezi kazi hii peke yake. Lazima awepo mwagizaji, mara nyingi kampuni ya jina tu, mwenye ghala, huyo wa mpakani, na fundi wa kufungasha upya kwenye mifuko yenye chapa ya kiwanda cha hapa nchini. Hapo magendo yamekuwa pia bidhaa bandia, na muuza duka anaapa ni sukari ya nyumbani.

Mama Vitenge: Mimi walinichukulia vitenge vyangu pale mpakani, havifiki hata dola 300! Nami ni wa mtandao wa magendo?

Wakala Mstaafu: Pole mama. Ile karatasi rahisi ya wafanyabiashara wadogo, ya mzigo usiozidi dola 2,000, ni kwa bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya. Vyako vilitoka wapi?

Mama Vitenge: China, lakini nilivinunua Kampala.

Mkaazi wa Busia: Kwa hiyo bodaboda aachwe?

Wakala Mstaafu: Sijasema hivyo. Akamatwe, ila aulizwe anapeleka ghala la nani.

Kanyagia: Akitaja jina, usiku huo analala wapi?