Kupima kuta kwenye ramani: rula ya kawaida, rula ya skeli au kompyuta?

Mgeni_wa_Saiti: Wakuu, ramani yangu imeandikwa 1:100. Nimeichapa A4. Kwa rula ya kawaida ukuta wa mbele ni milimita 85, yaani mita 8.5. Rula ya skeli, upande wa 1:100, nayo inasema 8.5. Ila nikipima faili lenyewe kwenye kompyuta napata 12. Nihesabie tofali kwa kipi?

Kona_Nne: Rula ya skeli ndiyo ya kazi, inakuondolea kuzidisha. Tena rula mbili zimekubaliana, hapo kompyuta ndiyo imekosea.

BiMkadiriaji: Zimekubaliana kwa sababu zote zinasoma mchoro uleule uliopunguzwa wakati wa kuchapa. Mgeni, angalia pembeni, ramani ilichorwa kwa karatasi gani? Halafu tafuta ukuta ulioandikwa urefu wake, uupime, ugawanye.

Mgeni_wa_Saiti: Imeandikwa A3! Ukuta wa ubavuni una 9000, rula inasoma 63.6. Nikigawanya napata 141.5.

BiMkadiriaji: Basi skeli ya karatasi yako ni kama 1:141, wala hakuna rula ya skeli yenye upande huo. Zidisha 85 kwa 141.5, utapata mita 12 na vidole viwili vya ziada, ambavyo ni unene wa mstari tu. Kompyuta ilikuwa sahihi, lakini nayo ipime kwanza kwenye ukuta ulioandikwa. Na panapoandikwa namba, chukua namba, rula weka chini.

Fundi_Kimya: Mimi eneo ndilo linanichanganya. Chumba ni sentimita 4 kwa 3 kwenye 1:100. Nikazidisha 12 mara 100, nikapata chumba kidogo kuliko meza!

BiMkadiriaji: Skeli inaingia mara mbili, kwa urefu na kwa upana. 12 mara 10,000 ni sentimita za mraba 120,000, yaani mita za mraba 12. Ndiyo maana kwa karatasi ya Mgeni sakafu ingetoka nusu. Kuta zingepungua kwa asilimia 29 hivi, maana kimo cha 2.8 amekisoma kwenye maandishi, hakukipima.

Mgeni_wa_Saiti: Kwa hiyo mzunguko ni 12+9+12+9, mita 42?

BiMkadiriaji: Hiyo ni nje kwa nje, kila kona umeihesabu mara mbili. Ukuta ni wa milimita 200, toa 0.2 mara nne, ubaki na 41.2. Mara 2.8 ni mita za mraba 115.4. Kwa bloku za 400 kwa 200 pamoja na udongo wa kuungia, 12.5 kwa mita ya mraba, ni 1,442. Kwa vipimo vya rula yako, 8.5 na 6.36, ungepungukiwa na mia nne na ushee.

Kona_Nne: Sawa, nimekubali ya karatasi. Ila hajatoa milango na madirisha.

BiMkadiriaji: Makadirio ya kwanza mimi siyatoi, yanafidia zinazovunjika.

Kona_Nne: Nyumba yenye madirisha mapana? Mimi natoa yote, halafu naongeza za kuvunjika kivyake.