Nimegawa skrini ya tableti apu mbili, nataka kurekodi mara moja lakini kila apu iwe na video yake. Naombeni ushauri

mwl_wa_grafu:
Habari zenu wakuu. Mimi ni mwalimu wa hesabu, nina tableti ya Galaxy Tab S6 Lite na kalamu yake, jioni huwa narekodi masomo ya kidato cha tatu nawatumia wanafunzi kwenye grupu. Skrini naigawa nusu kwa nusu, kushoto GeoGebra kulia ninakoandika hesabu kwa mkono. Sasa hivi niko kwenye grafu za kwadratiki, naweka y = ax² halafu navuta ile slaida ya a kutoka 1 kuja −1, parabola inageuka mdomo chini na hapo hapo kalamu inaandika kwa nini imegeuka. Kwenye simu ndogo za watoto vyote viwili vikiwa pamoja hawaoni kitu, maandishi madogo mno, ndio maana nataka grafu iwe video yake na maandishi video yake, anayetaka aangalie moja moja na mimi nikitaka niziunganishe juu na chini.

Nilijaribu kurekodi somo mara mbili, mara ya kwanza GeoGebra peke yake, mara ya pili maandishi. Haikufaa kabisa. Nikiziweka pamoja parabola inageuka wakati mimi bado nasema "tuanze na a ikiwa chanya", na siwezi kusema sentensi ileile kwa mwendo uleule mara mbili hata nifanyeje. Somo ni la dakika 12, nimelirudia siku tatu. Kompyuta sina, tableti ndio kila kitu. Rekoda natumia ile ile iliyokuja nayo, nimeweka 720p kwa ajili ya nafasi. Nifanyeje?

mama_Swabra:
Mwalimu pandisha kidole kutoka chini ukishikilie kidogo ufungue apu zilizokuwa wazi, bonyeza ile alama ya apu yenyewe juu, itakupa chaguo la kugawa skrini, halafu chagua ya pili. Mimi napika huku naangalia resipi na kuongea na dada yangu video. Raha sana.

mwl_wa_grafu:
Asante mama Swabra, kugawa naweza, shida yangu ni kurekodi kila upande kivyake.

msee_wa_nakuru:
Sasa mwalimu, simu yangu ni Pixel, nikianza kurekodi inaniuliza kama nataka apu moja ama skrini yote. Ukichagua apu moja hata notifikesheni haziingii kwa video. Angalia kama ya kwako iko nayo, hiyo ndio dawa, mambo ya kukata video ni kujisumbua tu.

fundi_wa_mbagala:
Ndugu yangu wa Nakuru uko sawa kuwa hiyo kitu ipo, imekuja na Android 14, ila kwa shida ya mwalimu inamrudisha palepale. Rekoda inabeba apu moja kwa wakati mmoja, huwezi kuwasha rekoda mbili moja ishike kushoto nyingine kulia. Akichagua GeoGebra maandishi hayapo, itabidi arudie somo, na kurudia ndiko kulikomtesa siku tatu.

Mwalimu wewe rekodi skrini nzima mara moja, kama ulivyozoea, halafu hiyo faili moja ikate mara mbili. Kushoto faili lake, kulia faili lake. Kwa kuwa zote zimetoka kwenye faili moja zinaanza sekunde ileile na kuisha sekunde ileile, sauti haiwezi kukimbia. Kukata unaweza kutumia hata galari ya tableti yenyewe, ina sehemu ya kuhariri video, lakini pale unavuta kona kwa kidole, leo utakata hapa kesho pale, na video mbili hazitalingana ukubwa. Mimi ningetumia ffmpeg, programu ya kukata video kwa kuandika amri, na inaingia kwenye tableti bila kompyuta. Chukua Termux, apu ya kuandikia amri, kutoka F-Droid, duka la apu za bure, ifungue, andika hivi mstari mmoja mmoja, ya kwanza itaomba ruhusa ya mafaili ikubalie:

```
termux-setup-storage
pkg install ffmpeg
cd ~/storage/downloads
```

Video yako ihamishie kwenye Download uiite somo.mp4. Ila kabla ya kukata lolote nipe vipimo. Piga skrinshoti ukiwa umegawa skrini, niambie ukubwa wake, na ukubwa wa video pia. Usidhani vinafanana.

mwl_wa_grafu:
Nimeangalia. Skrinshoti ni 2000 kwa 1200, video ni 1200 kwa 720. Kumbe ndio maana juzi nilipima kwenye picha nikakata video nikapata upande wote wa kushoto na kipande cha kulia ndani yake!

fundi_wa_mbagala:
Ndio hapo hapo. Video ya 720p imepunguzwa, kila pikseli 10 za skrini zimekuwa 6. Kwa hiyo chochote utakachopima kwenye skrinshoti zidisha kwa 0.6. Ule mstari mweusi wa katikati unaanzia wapi na kuishia wapi, na ile sehemu ya saa na betri juu ina kimo gani?

mwl_wa_grafu:
Nimekuza picha nikahesabu, mstari unaanza kama 990 hadi 1010. Saa na betri kama 40 kutoka juu.

fundi_wa_mbagala:
Safi. 990 × 0.6 ni 594, 1010 × 0.6 ni 606, 40 × 0.6 ni 24. Urefu unaobaki 720 − 24 ni 696. Usikimbilie kukata dakika 12 zote, toa fremu moja kwanza uitazame:

```
ffmpeg -ss 10 -i somo.mp4 -vf "crop=594:696:0:24" -frames:v 1 jaribio.png
```

Zile namba nne zisome hivi: upana, urefu, uanze wapi kutoka kushoto, uanze wapi kutoka juu. Fungua jaribio.png, ukiona uzi mweusi umebaki pembeni punguza 594 iwe 590, ukiona GeoGebra imekatwa ukingo ongeza kidogo. Ikikaa sawa ndio ukate zote mbili:

```
ffmpeg -i somo.mp4 -vf "crop=594:696:0:24" -crf 18 -c:a copy grafu.mp4
ffmpeg -i somo.mp4 -vf "crop=594:696:606:24" -crf 18 -c:a copy hesabu.mp4
```

Sauti yako nimeiacha kwenye zote mbili, mtoto akifungua grafu peke yake akusikie. Ile -crf 18 ni ya ubora, maandishi ya kalamu ni myembamba, ukiacha ilivyo yenyewe inatumia 23 na mistari myembamba huwa inaota ukungu.

KichwaNgumu:
Fundi kwa nini unamchosha, weka `-c copy` mwisho inaisha sekunde mbili, mimi nakata video zangu hivyo kila siku.

fundi_wa_mbagala:
Wewe unakata urefu wa muda, dakika ya tatu hadi ya tano, hapo kunakili kunatosha. Yeye anakata umbo la picha, lazima kila fremu ichorwe upya. Jaribu uone itakujibu `Filtering and streamcopy cannot be used together`. Ndio maana nimeandika `-c:a copy`, ile a ni sauti peke yake, hiyo haiguswi.

KichwaNgumu:
Nimejaribu, kweli. Nakubali.

mkalimani_wa_muscat:
Niingie hapo hapo kwenye sauti. Mimi nafanya tafsiri, kushoto naweka hotuba ya Kiarabu inacheza, kulia naongea na mteja kwenye simu ya video. Picha nimeelewa zinakatwa, je sauti za apu mbili zinatenganishwaje?

fundi_wa_mbagala:
Hazitenganishwi kwa njia hii kaka. Rekoda inazichanganya zote kwenye mkondo mmoja, ukikata picha ya kushoto sauti ya kulia inakuja nayo. Na apu nyingine za simu zinakataa sauti yake kurekodiwa kabisa, utapata ya hotuba tu. Kama hotuba unayo faili lake, rekodi ukiwa umeizima sauti uivishe baadaye. Ikiwa ni matangazo ya moja kwa moja mimi sina njia ya tableti peke yake, mwenye nayo aseme.

bi_mtumwa:
Nami niongeze, kama upande mmoja ni apu ya benki au ya filamu za kulipia, upande huo unatoka mweusi kwenye video, wa pili unaonekana vizuri. Mwanangu alidhani tableti imeharibika. Apu zenyewe ndizo zinazojizuia.

mwl_wa_grafu:
Wakuu nimerudi. Fremu ya majaribio ilikaa vizuri ila upande wa kulia ulibaki na uzi mwembamba nikaweka 590 na kuanzia 610, nikabadilisha na wa kushoto ziwe sawa. Grafu ikatoka safi. Ya pili niliiacha inakata nikaenda kusahihisha madaftari kwenye apu nyingine, niliporudi Termux imefungwa, faili lipo lakini halifunguki, nikilipeleka ffmpeg linasema `moov atom not found`. Video imeharibika?

fundi_wa_mbagala:
Somo.mp4 ipo salama, ffmpeg inasoma tu haiigusi. Kilichokufa ni hesabu.mp4, mp4 huandikiwa orodha yake mwishoni, sasa Android iliua Termux kabla haijafika mwisho, hakuna orodha. Ifute, andika `termux-wake-lock`, anza tena na uiache Termux mbele mpaka imalize, tableti iwe kwenye chaji.

mwl_wa_grafu:
Imekubali!! Nimeweka grafu juu na hesabu chini, nikavuta slaida ikapita sifuri parabola ikalala ikawa mstari kisha ikageuka, na kalamu iko palepale inaandika a < 0. Nimeitazama mara nne. Lakini dakika ya saba kushoto inaingia kipande cha maandishi, kwa nini hapo tu?

fundi_wa_mbagala:
Umegusa ule mstari wa katikati ukasogea. Namba za kukata hazijui hilo, zinakata palepale. Angalia pia kibodi, ikifunguka upande mmoja inasukuma kila kitu, funkisheni ziandike kabla hujaanza. Washa Do not disturb, notifikesheni ikishuka inakalia pande zote mbili. Na kila siku piga skrinshoti moja kabla ya kurekodi uhakikishe mstari uko 990 bado. Kwa video ya leo kata vipande viwili, hadi dakika ya saba kwa namba hizi na baada ya hapo upime upya.

bi_mtumwa:
Mwalimu kwa nini usiisimamishe tableti wima? Ukigawa inakuwa juu na chini, kila apu inapata upana wote wa 1200, skrini wima ni 1200 kwa 2000, kila upande unabaki na kimo cha kama 980. Maandishi ya hesabu ni marefu kwenda kulia, yatapumua.

fundi_wa_mbagala:
Kwa grafu nakubali, kwa kuandika sina hakika. Mkono wake utakuwa unalala juu ya apu ya chini kila anapoandika ya juu.

mwl_wa_grafu:
Maandishi nitayaweka chini basi, nijaribu kesho na somo la y = x² − 4x + 3, mlinganyo huo unaniishia ukingoni kila siku. Nitapandisha 1080p pia nione kama nafasi inatosha.