Naomba ushauri: avareji ya linia sechi inanichanganya

Wakuu, nina listi ya namba 7. Ninayoitafuta ikiwa ya kwanza nalinganisha mara 1, ikiwa ya mwisho mara 7, hapo sina shida. Kwenye avareji nikasema kila nafasi ina uwezekano 1/7, nikajumlisha 1 mpaka 7 nikapata 28, gawa kwa 7 ni 4, yaani `(n+1)/2`. Sasa programu yangu nimeirani mara 10000 inaleta kama 5.5 hivi!! Kumbe nusu ya namba nilizompa atafute hazimo kabisa, na isiyokuwemo lazima apitie zote 7. So `0.5*4 + 0.5*7` ndo jibu, au swali likisema tu "nafasi ni ya nasibu" nichukulie ipo na niandike 4?