MREJESHO: Kivuli cha mto kwenye hedifoni iliyotenganishwa

Niliuliza: "Vipande vya hedifoni isiyo na waya vinaelea vizuri kwenye Blender, ila mto wa sikio unaitia giza spika iliyo nyuma yake. Nifanyeje bila kuharibu vivuli vya sakafuni?"

Asanteni wakuu. Nilianza na ushauri wa kuutoa mto kwenye Shadow Linking ya taa kuu. Spika ikang'aa, lakini kivuli cha mto kikapotea na sakafuni pia, maana ukiutoa hauzuii tena mwanga wa taa hiyo popote pale.

Kilichofanya kazi ni ushauri wa taa mbili. Nilinakili ile taa ya Area palepale ilipo, kwa nguvu ileile. Ya kwanza, kwenye Light Linking, inamulika sakafu tu na vipande vyote vinaizuia. Ya pili inamulika vipande tu, na mto umetolewa kwenye Shadow Linking yake. Hii ni Cycles, Blender 4.0 kwenda juu.

Haikuisha yote: mwanga wa World bado unazibwa na mto, hivyo ukingo wa spika una weusi kidogo. Nilisogeza mto sentimita 2 mbele, ukapungua. Mteja kaikubali.