Kapsheni ya ada kwa awamu: nitume hii au ile?

Karani wa Masasi
Wadau, shikamooni wakubwa. Niko ofisi ya shule binafsi ya msingi. Kesho natuma jedwali la ada ya 2026 kwenye kundi la wazazi, na mkuu wa shule ametaka kapsheni fupi chini ya picha. Nimeandika mbili.

Ya kwanza: «Ada ni 1,200,000 kwa awamu nne za 300,000: tarehe 10 Januari, 10 Aprili, 10 Julai na 10 Oktoba. Atakayechelewa atatozwa faini ya asilimia 5.»

Ya pili: «Ada ni 1,200,000. Januari 400,000, Aprili 200,000, Julai 300,000, Novemba 300,000. Ukichelewa zaidi ya siku 7 utaongeza asilimia 5 ya kiasi ulichobakiza.»

Ipi itazuia ugomvi pale dirishani?

Kijana wa Mikindani
Ya kwanza. Mzazi anakariri namba moja tu, 10. Tena Oktoba watu wana hela za korosho, hakuna wa kulia njaa.

Mkulima Newala
Mdogo wangu, Oktoba ndiyo minada inaanza. Mimi napeleka korosho chama cha msingi, zinaenda ghalani, zinasubiri mnada, halafu mnunuzi alipe ndipo hela iingie kwenye akaunti yangu. Tarehe 10 Oktoba nyumbani kwangu kuna magunia, hela hakuna. Novemba ni sahihi. Na Julai pia, maana wenye ufuta wanakuwa wameshauza.

Mama wa Nachingwea
Mimi naomba muangalie hiyo faini. Mwaka jana, shule siitaji, nilidaiwa awamu ya 300,000. Nikalipa 200,000 ndani ya muda, 100,000 ikachelewa siku tisa. Nikaandikiwa faini 15,000! Nikauliza, mbona asilimia 5 ya laki moja ni 5,000? Wakanijibu tangazo halikusema asilimia 5 ya nini. Na kweli halikusema. Nililipa, lakini moyo uliuma.

Mhasibu Mstaafu
Pole sana, dada. Kosa lako halikuwepo, lilikuwa la kapsheni. Karani, ya pili imeziba tundu hilo kwa neno «ulichobakiza». Bado yapo mawili.

Kwanza, faini ni mara moja au kila wiki? Usipoandika «mara moja», mhasibu atakayekuja baada yako ataisoma anavyotaka.

Pili, hela ya kuchelewa inalipa nini mwanzo? Chukua mfano wa dada huyu. Amebakiza 100,000, faini 5,000, analeta 100,000 kamili. Mkikata faini kwanza, kwenye ada inaingia 95,000 na anabaki na deni la ada 5,000. Hapo mnaweza kumtoza tena kwa sababu «amebakiza». Mkilipa ada kwanza, awamu imefungwa, anadaiwa faini tupu isiyozaa. Andika: «malipo yanafunga ada kwanza».

Na tarehe uziangalie kwenye kalenda. 10 Januari 2026 ni Jumamosi, Jumapili inafuata, Jumatatu ni tarehe 12, sikukuu ya Mapinduzi. Mzazi wa kijijini anayelipia dirisha la benki atafika Jumanne. Weka 13.

Baba Wawili
Lakini si serikali ilishafuta ada? Watoto wangu wote hawalipi.

Mhasibu Mstaafu
Hiyo ni shule za serikali, ndugu yangu. Hapa ni binafsi.

Karani wa Masasi
Asante mzee. Nimeandika upya:

«Ada ya 2026 ni 1,200,000. Ziwe zimeingia akaunti ya shule: 400,000 ifikapo Jumanne 13 Januari, 200,000 ifikapo 10 Aprili, 300,000 ifikapo 10 Julai, 300,000 ifikapo 20 Novemba. Kwenye malipo andika jina la mtoto na darasa. Zikipita siku 7, utaongeza mara moja asilimia 5 ya kiasi ulichobakiza kwenye awamu hiyo. Malipo yanafunga ada kwanza, faini baadaye. Ukiona utachelewa, fika ofisini kabla ya tarehe.»

Mama wa Nachingwea
Hii hata mama yangu angeielewa. Ila mtoto atarudishwa nyumbani au hatarudishwa? Hilo ndilo tunalolitafuta kwanza, na haliko.

Karani wa Masasi
Mkuu anataka arudishwe, mmiliki hataki. Nasubiri waelewane.

Mhasibu Mstaafu
Basi usitume kesho. Na wakikaa, waulize la darasa la saba: mtihani wa taifa ni Septemba. Hiyo 20 Novemba mtoto hayupo shuleni tena, na mzazi wake mtamdai kwa njia gani?

Mkulima Newala
Mwanangu yuko la saba mwaka huo. Nitalipa Novemba, lakini sitabisha mkiniomba nianze Julai na nusu yake.

Karani wa Masasi
Sikuwa nimeliona kabisa. Nalipeleka asubuhi.