Tupeane uzoefu: kugeuza mchoro wa kreyoni wa mtoto uwe picha ya mdoli wa kweli, bila kumbadilishia alichochora

mama_sakina: Habari zenu wapendwa. Niko Arusha huku Sakina, mwanangu wa chekechea kachora ng'ombe wa zambarau, miguu mitano, macho yote upande wa kushoto na pembe moja ya njano imepinda. Nataka aonekane mdoli wa kitambaa kapigwa picha mezani ila awe huyohuyo. Nikimweka kwenye apu ya akili mnemba narudishiwa ng'ombe wa kahawia miguu minne, mzuri kweli, mtoto anamwangalia anasema huyu sio wangu. Mliofanikiwa mlifanyaje?

dogo_wa_pasua: Shusha Denoising strength, ile namba inayoiambia apu ibadilishe picha kiasi gani, mpaka 0.2 imeisha hiyo. Mchoro wa mdogo wangu haukuguswa hata mstari.

printi_moshi: Haukuguswa sawa mkuu, ila mdoli ulimpata? Kwenye 0.2 karatasi inabaki karatasi, michirizi ya kreyoni unaiona vilevile. Ukienda 0.8 mdoli anatoka safi ila sio wa mtoto tena. Mi naprinti fulana na vikombe hapa Moshi, wazazi wananiletea sana hizi kazi, naanzia 0.5 napanda kidogokidogo huku mistari nimeishikilia na ControlNet ya lineart. Hiyo inashika mistari tu jamani, rangi haishiki, rangi inatoka kwenye picha yenyewe uliyoweka.

Mama Sakina, uliandika neno ng'ombe? Kama uliandika ndo hapo, ile kitu imefundishwa kwa picha za ng'ombe wengi mno na karibu wote wana miguu minne, kwahiyo inaona mtoto kakosea inamsahihishia. Usitaje mnyama kabisa, taja kitambaa na umbo:

```
handmade felt toy, purple body, five legs,
both eyes on the left, one curved yellow horn,
same outline and colours as the drawing
```

Na hiyo five usiitegemee sana, kuhesabu bado kunaisumbua, kinachookoa mguu wa tano ni mistari.

mama_sakina: Niliandika ndiyo, cow. Kumbe. Na ukahawia je?

printi_moshi: Mchoro uliupiga picha usiku? Taa ya njano inaivuta zambarau kwenye kahawia kabla hata hujaanza. Piga mchana karibu na dirisha, simu iwe sambamba na karatasi, flashi zima maana kreyoni ni nta, inang'aa inaacha madoa meupe. Halafu mtoto akipaka anaacha vijinafasi vyeupe kati ya michirizi, apu inavisoma kama mabaka, unakuta mdoli ana madoadoa ambayo mtoto hakuchora. Mi navijaza kwanza kwenye apu ya kuchorea, nachukua rangi kutoka palepale kwenye mchoro, sichagui yangu. Ukimaliza weka mchoro juu ya picha mpya, ufanye upenyeze nusu, palipohama utapaona hapohapo.

cherehani_kilombero: Dada mimi nashona midoli hapa soko la Kilombero, kitambaa cha zambarau kipo. Nipe urefu tu, na huo mguu wa tano unakaa mbele au nyuma?

mama_sakina: Asante kaka, kwa sasa nataka picha tu, ila namba yako nitaitafuta.

baba_njiro: Wangu alichora bibi yake, mikono ni mstari mmoja mwembamba na vidole kama miiba. Kila nikisema kitambaa cha manyoya mikono inavimba kama mito. Nikabadilisha nikaandika mikono ni uzi mnene wa kufumia, mwili felti, ikakubali wembamba uleule. Tatizo mdoli wa namna hiyo hawezi kusimama, sasa kwenye picha kasimama, mke wangu anasema inaonekana uongo.

printi_moshi: Mlaze mezani, piga kama kutoka juu. Na umbo linatunzika vizuri zaidi hivyo, maana mchoro wenyewe ni bapa.

dogo_wa_pasua: Hapo sikubaliani mkuu, akilazwa anakuwa kama stika, raha ya mdoli ni asimame na kivuli chake.

mama_sakina: Jamani nimerudi. Nimepiga dirishani, nimejaza vijinafasi, cow nimeitoa, 0.55. Miguu mitano yote ipo na macho yako kushoto, mwanangu kamkubali. Ila pembe upande wa kivuli imekuwa rangi ya haradali, yeye anasema yake ni njano.

printi_moshi: Hiyo ni mwanga, kitu cha njano kikiwa kivulini hata kwenye picha ya kamera kinatoka hivyo. Unaweza kuipaka njano ileile kwa mkono, ila pembe itaonekana bapa.

baba_njiro: Mi ningeipaka. Mwenye ng'ombe kashasema njano.

printi_moshi: Mi ningeiacha, ila mteja wako ni huyo mtoto sio mimi.