Picha giza totoro, halafu linaniambia lebo "inasomeka vizuri"!!

Wanajamvi, nina hasira hadi vidole vinatetemeka. Lile liapu la akili bandia linalosoma picha mnalijua wote, silitaji. Usiku wa manane mtoto anachemka homa, taa sijawasha maana mdogo wake kalala, nimeshika chupa ya dawa ya maji, napiga picha mkono unacheza, ikatoka nyeusi kama masizi ya chungu na ukungu juu yake. Nikauliza kipimo. Likajibu bila hata kumeza mate, mililita 5 mara tatu kwa siku, eti lebo inasomeka vizuri. INASOMEKA VIZURI! Mimi mwenye chupa mkononi sisomi, lenyewe limesoma! Roho ikakataa, nikawasha taa: mililita 2.5. Ningempa mwanangu mara mbili ya kipimo! Si lingesema tu sioni, washa taa upige tena, lingepungukiwa nini? Inasomeka vizuri, jamani!!

kibuyu77: Swichi iko ukutani wewe unauliza apu 😂😂

FundiLenzi: Mwacheni, ana haki. Kwenye giza lile herufi hazijajificha, hazikuingia kwenye kamera kabisa, zimebaki chenga tu. Sasa hiyo modeli imeshapitia maandishi mengi ya dawa za maji, na mililita 5 inatajwa sana kwa sababu ndiyo kijiko kimoja cha chai, basi pasipoonekana kitu inajaza kilichozoeleka. Ndiyo maana uongo wake unaingia akilini. Fungua chati mpya, tuma picha ileile, uliza upya mara tatu. Majibu yakigongana ujue linabahatisha. Yakifanana usishangilie bado, linaweza kubahatisha vilevile kila mara.

MamaPacha: Nimejaribu sasa hivi. 5, halafu 10, halafu 5 tena! Na zote eti inasomeka vizuri!!

nuru_: Ungeongeza mwanga kwenye picha kabla ya kutuma, lingesoma tu

FundiLenzi: Giza likiwa kidogo, sawa. Likiwa totoro unakuza chenga zenyewe, zinaanza kufanana na tarakimu, 3 inageuka 8. Na ile nukta ya 2.5 ndiyo inapotea mapema, ukabaki na 25. Hapo jibu la maana ni kusema jina la dawa naliona, namba siioni.

Mzee_wa_Risiti: Nyie mna bahati. La kwangu kila picha halioni! Risiti nimepiga mchana kweupe, naambiwa haieleweki, piga tena. Nimepiga mara sita! Bora linalobuni.

MamaPacha: Bora linalobuni?? Risiti inanyweshwa mtoto??

Mzee_wa_Risiti: Hasira za nini dada, nami nina shida yangu

FundiLenzi: Mzee, picha huwa inapunguzwa ukubwa kabla ya kusomwa, na risiti ndefu maandishi yanakuwa mchanga. Kata vipande vitatu, tuma kimoja kimoja.

Mzee_wa_Risiti: Eeh! Kipande cha kwanza kimekubali. Cha pili jumla imekosea lakini

kibuyu77: Kwani simu gani inapiga vizuri usiku? Yangu hata mchana ni ukungu